Luku inakata uniti hata ukizima kila kitu: jinsi ya kupima mwenyewe na kumwandikia mwenye nyumba aombe mita ikaguliwe

Wapangaji wengi wa Dar wakiona umeme hauendi mbali wanampigia mwenye nyumba wanamwambia "mama mita inakula hela" halafu wanajibiwa "punguza kupasi" na mazungumzo yanaishia hapo. Sababu ni kwamba mwenye nyumba hana cha kushika. Mita ni mali ya Tanesco, wewe huruhusiwi kuifungua na yeye pia haruhusiwi, na mara nyingi imesajiliwa kwa jina lake, kwa hiyo mtu wa kupeleka ombi la kukaguliwa mita ni yeye au wewe kwa ruhusa yake. Ili aende lazima umpe namba ambazo hata yeye akizisoma anaona hapa kuna kitu. Ndo naeleza hapa namna ya kuzipata, na meseji yenyewe ikae vipi.

Kabla ya yote jua hela yako inapotelea wapi, maana kuna sehemu mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni pale unaponunua. Umeweka elfu kumi zimekuja uniti chache kuliko mwezi uliopita, hapo mita haina kosa lolote, makato yamefanyika kabla tokeni haijafika kwenye simu yako. Soma ile meseji ya manunuzi mpaka mwisho usiishie kwenye tarakimu 20 za tokeni. Kuna kodi ya majengo, hii ilianza kukatwa kwenye luku Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na tangu 2023 ni 1,500, na usiponunua umeme miezi miwili mitatu inajikusanya inakuja kukatwa kwa mkupuo. Inawezekana pia kuna deni limewekwa kwenye hiyo mita. Alafu kuna kundi la bei: aliyeko kundi la matumizi madogo la D1 analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 za mwezi, akizidi hapo kila uniti inayozidi ni 350, na aliyeko kundi la matumizi ya kawaida la T1 analipa 292, hizo zote kabla ya kodi. Kwa T1 ukijumlisha kodi na tozo unafika kama 350 na ushee kwa uniti, yaani elfu kumi inakupa uniti 28 hivi. Ukipata hapo karibu basi manunuzi yako yako sawa.

Sehemu ya pili ndo tunayoongelea: uniti zimeingia vizuri, 28 umeziona kwenye kioo, halafu zinayeyuka. Hapo sasa ndo unapima.

Kwanza ijue mita yako. Kama ni ile ya ukutani kila kitu kiko pale, kama ni ile ambayo mita iko juu ya nguzo na wewe ndani una rimoti tu basi kioo cha rimoti kitakusomea uniti ila taa ya mita itabidi uiangalie kwa chini au uache hiyo sehemu. Kwenye uso wa mita tafuta taa ndogo nyekundu inayopepesa na pembeni yake maandishi kama 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba taa ikipepesa mara 1000 uniti moja imeisha. Nyingine zimeandikwa 1600 au 3200, andika ya kwako, tutaihitaji.

Testi ya meni swichi

Hii ndo testi yenye uzito kuliko zote na haihitaji fundi. Chagua muda ambao hutatumia umeme, piga picha kioo cha mita kikionyesha uniti, hakikisha picha ina saa na tarehe, kisha zima meni swichi, ile kubwa, sio kuzima taa na tivii tu. Ukirudi kabla hujawasha piga picha nyingine. Mita nyingi zinaonyesha desimali moja tu kwa hiyo dakika kumi hazitoshi, acha masaa matatu mpaka manne, friji usipoifungua fungua haitaharibu kitu kwa muda huo, asiye na friji aache usiku kucha. Rudia mchana. Watu wanaruka hii ya mchana na ndo inasaidia sana, kwasababu kama uniti zinashuka usiku tu na mchana hazishuki basi kuna uwezekano mkubwa kuna taa za nje au za uzio zimeungwa kwenye laini yako kabla ya meni, na hilo ni la fundi wa nyumba, mita haihusiki.

Majibu yake yanasomeka hivi. Ukizima meni na uniti hazishuki kabisa na taa ya mita imetulia, mita haijihesabii yenyewe, tatizo liko ndani baada ya meni. Ukizima meni na uniti bado zinashuka, basi ama mita inajihesabia, ama kuna mtu au kitu kimeungwa katikati ya mita na meni swichi yako. Huwezi kutofautisha hivyo viwili bila kufungua na wewe usifungue, sili ya mita ikikatwa hata kwa nia njema tayari mmeingia kwenye maswali ya wizi wa umeme na anayeitwa kwanza ni mwenye jina.

Kama tatizo liko baada ya meni bado una hatua moja. Washa meni, zima brekeri zote ndogo, angalia taa. Ikiwa imetulia washa brekeri moja moja huku vifaa vyote vimechomolewa, ile itakayofanya taa ianze kupepesa ndo laini inayovujisha, mara nyingi waya umechunika ndani ya ukuta wenye unyevu au hita ya maji imechoka. Lakini ikiwa brekeri zote zimezimwa, meni imewashwa na taa bado inapepesa, fikiria nyutro. Hii ipo sana kwenye nyumba za kupanga zilizokuwa na luku moja halafu mwenye nyumba akaweka luku ya kila mpangaji: fundi anatenganisha waya za laivu anaziacha nyutro zimefungwa pamoja kwenye boksi moja. Umeme wa jirani unaingia kwa laivu yake ila unapotoka sehemu yake inarudi kwa nyutro yako, na mita nyingi za kisasa zinapima laivu na nyutro zote mbili kisha zinahesabu iliyo kubwa. Brekeri ndogo zinakata laivu tu ndo maana ukizima hizo haisaidii. Ishara yake ni kwamba kasi ya taa inabadilika jirani akiwasha pasi au jiko. Mwambie jirani awashe birika lake dakika moja wewe ukiwa umesimama kwenye mita utaona.

Testi ya birika

Hii inakuambia kama mita inahesabu haraka kupita kiasi. Chukua kifaa chenye wati zilizoandikwa kwa chini na kinachovuta muda wote bila kujizima zima, birika la umeme linafaa, pasi haifai kwasababu inajikata ikipata moto. Zima vingine vyote, jaza birika maji, washa, hesabu taa inapepesa mara ngapi kwa dakika moja. Hesabu ni hii:

```
mipepeso kwa dakika = wati x imp/kWh / 60000
```

Birika la wati 1500 kwenye mita ya 1000 litatoa 25 kwa dakika. La wati 2000 litatoa 33. Ukipata 23 au 27 usilalamike, umeme wa mitaani kwetu unapanda na kushuka na birika linavuta kufuatana nao. Ukipata 40 au 50 wakati ulitakiwa upate 25 hapo una hoja. Testi hii inakamata kosa kubwa tu, kama mita imezidisha kwa asilimia tano huwezi kuijua kwa birika, hiyo ni kazi ya kifaa cha kupimia cha mafundi wenyewe.

Mfano wa Kimanga

Kuna dada anapanga Tabata Kimanga, chumba na sebule, luku yake peke yake, mita ya ukutani ya 1000 imp/kWh. Alikuwa ananunua kila baada ya siku chache wakati ana friji ndogo, tivii, feni na taa. Jumamosi saa nne usiku mita ilisoma 41.6 akazima meni, saa kumi na mbili asubuhi ikasoma 40.2. Uniti 1.4 zimeenda ndani ya masaa manane na hakuna kilichowaka. Gawanya utapata kama wati 175 zinazovutwa mfululizo. Jumapili akarudia mchana, saa tatu asubuhi 39.8, saa tisa 38.8, uniti moja kwa masaa sita, yaani kasi ni ile ile usiku na mchana. Hapo habari ya taa za nje tukaiondoa.

Akaangalia taa na meni ikiwa imezimwa, inapepesa karibu mara tatu kwa dakika, na wati 175 kwa mita ya 1000 ni hivyo hivyo, kwa hiyo kioo na taa vinaongea lugha moja. Alafu birika la wati 1500: akahesabu 28. Ondoa zile tatu zinabaki 25 kamili. Hii ni muhimu kuielewa, maana yake mita haizidishi matumizi yake halisi, inaongeza kitu cha kudumu juu yake, mchana na usiku, awepo asiwepo. Wati 175 kwa siku ni uniti 4.2, kwa mwezi 126, kwa bei ya T1 inakaribia elfu 45. Tena kwa mwenye matumizi madogo kama yeye hizo 126 peke yake zinamrusha nje ya zile uniti 75 za bei ya chini.

Meseji kwa mwenye nyumba

Sasa ndo unaandika. Andika, usipige simu kwanza, kwasababu atakayeipeleka kwenye ofisi ya umeme atahitaji kuonyesha namba, na mwezi ujao hakuna atakayebisha ulisema nini lini. Anza kwa heshima kama unavyomsalimia ukimkuta, usianze na lawama wala "mita yako mbovu", yeye hakuitengeneza. Usichanganye na habari ya kodi ya majengo, hiyo ni kodi yake mwenye jengo na una haki ya kuongea naye irudishwe au ipunguzwe kwenye pango, ila iwe meseji nyingine siku nyingine, ukiziweka pamoja atashika hiyo ya hela na ya mita itasahaulika. Dada wa Kimanga aliandika hivi, na namba ya mita aliiweka yote tarakimu 11:

"Shikamoo mama. Habari za nyumbani, wajukuu hawajambo? Mama naomba nikueleze kuhusu luku ya chumba changu. Inapunguza uniti hata nikizima meni swichi. Jumamosi saa 4 usiku nilizima, ilikuwa 41.6, Jumapili saa 12 asubuhi ilikuwa 40.2. Jumapili hiyo hiyo saa 3 asubuhi nilizima tena ikiwa 39.8, saa 9 mchana ikawa 38.8. Muda wote huo hakuna kilichowaka ndani. Picha zote nne nakutumia hapa chini zina saa na tarehe, na video fupi ya taa ya mita inapepesa huku meni imezimwa. Kwa hesabu hii inapotea kama elfu 45 kwa mwezi. Mimi sijagusa mita wala sili yake na sijamwita fundi wa mtaani aiguse. Naomba mama utoe taarifa Tanesco waje waipime, au kama umebanwa niandikie kwamba umeniruhusu niende mimi, na unitumie jina lililosajiliwa kwenye mita. Mimi nitakuwepo siku yoyote wakija. Kama kutakuwa na gharama naomba tuongee kabla. Asante mama."

Angalia kilichomo: tatizo kwa sentensi moja, vipimo viwili vya nyakati tofauti, ushahidi, kwamba hujagusa, na ombi ambalo linampa njia mbili. Ombi ndo watu wanasahau. Wanaeleza kero mpaka mwisho halafu hawasemi wanataka nini, mwenye nyumba anajibu "pole mwanangu" na kwa kweli amejibu kilichoandikwa.

Jibu la kawaida litakuwa mpangaji aliyepita hakuwahi kulalamika. Usibishane kuhusu mpangaji aliyepita. Mwambie "mama/mzee nakubali, ila karibu uje tuzime meni pamoja tukae nusu saa tuangalie taa". Mwenye nyumba akiona kwa macho yake meni imelala chini na taa nyekundu inapepesa hapo kazi imeisha, hakuna maneno yanayofika mbali kuliko hiyo. Kama mwenye nyumba yuko mkoani ana msimamizi au dalali anayekusanya kodi, mwite huyo ashuhudie arekodi video kwa simu yake mwenyewe.

Akikaa kimya wiki nzima mkumbushe kwenye meseji ile ile, usianzishe mpya, ili tarehe ya kwanza ibaki juu. Hata hivyo hakuna anayekuzuia wewe kwenda ofisi ya Tanesco ya wilaya yako kutoa taarifa kwa namba ya mita, ukitoka hapo hakikisha umepewa namba ya taarifa, hiyo ndo utakayofuatilia nayo, bila hiyo kila ukirudi unaanza upya. Malalamiko yakishafika kwao na yasipopatiwa ufumbuzi ngazi inayofuata ni EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za umeme, ila EWURA watakuuliza kwanza ulianzia wapi na ukajibiwa nini kwa hiyo usiruke.

Siku mafundi wakija

Uwepo, au aweko mtu unayemwamini. Asubuhi yake piga picha uniti zilizobaki na namba ya mita, kwasababu mita ikibadilishwa zile uniti zinabaki kwenye mita ya zamani na inabidi udai zihamishwe, usiponunua nyingi siku hizo ndo vizuri zaidi. Hakikisha wana vitambulisho. Waambie umepima nini kisha waache wafanye yao, ila waombe jambo moja: watoe waya zinazotoka kwenye mita kwenda nyumbani waangalie kama inaendelea kuhesabu. Hicho ndo kinachotenganisha yale mawili ambayo wewe hukuweza kuyatenganisha. Kwa dada wa Kimanga waya zilitolewa na taa ikaendelea kupepesa ikiwa haijaungwa na kitu chochote, hapo hapakuwa na mjadala, mita ikabadilishwa.

Wakikuambia mita ni nzima usivunjike moyo na usiwabishie, omba waandike hivyo, kisha mtumie mwenye nyumba picha ya hiyo karatasi. Sasa shida imeshahama ni ya waya za nyumba, na hiyo ni yake moja kwa moja, alete fundi mwenye leseni akague nyutro, boksi la kuungia na ethi. Hapa usimwache achelewe hata kama yuko tayari kukufidia hela ya umeme: laini inayovuja ndani ya ukuta inaweza kushtua mtu bafuni au kuwasha moto. Ukisikia ukuta au bomba linakutekenya ukiligusa zima brekeri ya laini hiyo na uiache imezimwa mpaka fundi afike.

Mita mpya ikifungwa rudia testi ya meni usiku wa kwanza, piga picha zile zile mbili, umtumie mwenye nyumba na neno la shukrani. Kuhusu hela iliyopotea miezi ya nyuma, dai kwa kipindi ambacho una picha zake tu, kwa sababu cha kabla ya hapo huna namna ya kukionyesha.